Jinsi ya kupata faida halisi ya kila oda: mfano wa mikoba kutoka Kariakoo

Mwezi uliopita nilikaa na dada mmoja wa Tabata anayeuza mikoba ya kike kupitia WhatsApp na Instagram. Yeye ananunua Kariakoo kwa 18,000 na kuuza kwa 35,000, kwa hiyo alikuwa na hakika kwamba kila mkoba unampa 17,000, lakini kila alipotaka kurudi kununua mzigo mpya alikuta fedha hazitoshi. Tulichukua oda moja tu, ya mteja wa Mbezi Mwisho, tukaifuata hadi shilingi ya mwisho. Hesabu zote hapa chini ni za daftari lake.

Hatua ya 1: Gharama ya mkoba ukiwa nyumbani kwako

Bei ya dukani siyo gharama ya mkoba. Alinunua dazeni moja kwa 216,000 na kulipa bajaji 4,000, jumla 220,000. Mkoba mmoja ulikuwa na zipu mbovu na haukuuzika, hivyo tuligawanya kwa 11, siyo kwa 12, tukapata 20,000 kwa kila mkoba. Daima gawanya kwa idadi inayoweza kuuzwa.

Hatua ya 2: Fedha iliyoingia kweli

Mteja alipewa punguzo la asilimia 10, yaani 3,500, bei ikabaki 31,500, kisha akachangia usafiri 3,000. Fedha iliyoingia ni 34,500. Mchango wa usafiri uandike kama mapato, na nauli kamili ya bodaboda uiandike kama gharama. Ukiandika tofauti peke yake, baada ya wiki mbili hutajua ni maeneo gani yanakula fedha yako. Safari hii ya Mbezi Mwisho iligharimu 6,000, na mfuko pamoja na karatasi ya kufungia viligharimu 800.

Hatua ya 3: Makato ya malipo

Mteja akituma fedha kwenye namba ya kawaida, makato yanakupata wakati wa kutoa kwa wakala, nayo hupangwa kwa viwango vya kiasi unachotoa. Ndiyo maana sipendi kabisa tabia ya kutoa fedha kila oda inapolipwa: kutoa mara moja kiasi kikubwa kwa kawaida ni nafuu kuliko kutoa vipande vidogo mara kumi. Dada huyu alitoa 345,000 kwa mkupuo na kukatwa 7,000. Oda yetu ya 34,500 ni sehemu ya kumi ya fedha hiyo, hivyo inabeba 700. Mgao ufuate thamani ya oda, tena thamani pamoja na mchango wa usafiri, kwa sababu makato hayabagui fedha ya mkoba na fedha ya bodaboda. Mteja akituma na ya kutolea, ziada hiyo iongeze kwenye mapato.

Kufikia hapa faida ni 34,500 toa 20,000, 800, 6,000 na 700, yaani 7,000. Wengi huishia hapa.

Hatua ya 4: Mizigo iliyorudi

Hatua hii ilitula jioni nzima. Wateja wake wengi hulipa wanapopokea, na baadhi hawapokei simu bodaboda anapofika, au wanasema rangi siyo waliyoitaka. Mwezi ule alituma mizigo 40. Iliyolipwa ni 34 na iliyorudi ni 6. Safari hizo sita, kwenda na kurudi, zilimgharimu 51,000. Hakuna mteja wa kuilipa fedha hiyo isipokuwa wale 34, kwa hiyo kila oda iliyolipwa inabeba 1,500. Usigawanye kwa 40, kwa sababu mzigo uliorudi haukuleta kitu cha kubebea gharama.

Mimi napendelea Google Sheets kwenye simu kuliko programu za biashara za kupakua, kwa kuwa unaona kila hesabu ilivyofanyika. Tulipanga safu hivi: A bei, B punguzo, C mchango wa usafiri, D gharama ya mkoba, E vifungashio, F bodaboda, G makato, H hali ya oda, I faida. Kwenye H andika `imelipwa` au `rudi`. Kwa oda iliyorudi, jaza F peke yake, kwa sababu mkoba wenyewe bado unao. Lakini ukirudi umechubuka kiasi cha kutouzika, au mfuko ukichanika, ongeza hasara hiyo kwenye F ya mstari huohuo. Kisha katika kisanduku L1 weka:

```
=SUMIF(H2:H200,"rudi",F2:F200)/COUNTIF(H2:H200,"imelipwa")
```

Na katika I2, ukiishusha hadi chini:

```
=IF(H2="imelipwa",A2-B2+C2-SUM(D2:G2)-$L$1,0)
```

Mwanzoni niliandika kanuni ya pili bila sehemu ya `IF`, na jumla ya faida ya mwezi ikawa pungufu kwa 60,000 kamili ikilinganishwa na fedha aliyokuwa nayo. Tulihesabu risiti upya mara tatu kabla ya kuona sababu. Mistari sita ya mizigo iliyorudi ilikuwa inatoa nauli yake, 51,000, ambayo tayari imegawanywa kwa wale 34, na kila mmoja wa mistari hiyo ulikuwa unakatwa tena fungu la 1,500, yaani 9,000 nyingine.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Baadhi ya nauli alikuwa ameziandika `6,000/=` kama tunavyozoea kwenye daftari. Google Sheets huyachukua maandishi hayo kama maneno, na `SUM` huyaruka kimyakimya bila kuonyesha kosa, hivyo gharama inapotea na faida inaonekana nono. Utalitambua kwa macho: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa kushoto. Vilevile, ukiacha nafasi baada ya neno `imelipwa`, oda hiyo haihesabiwi. Ni bora kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu H kuliko kuandika kwa mkono.

Hatua ya 5: Kusoma matokeo

Oda ya Mbezi Mwisho ilimpa 5,500, siyo 17,000. Bila punguzo ingempa karibu 9,000, kwa hiyo asilimia 10 ya bei ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya faida. Hapo ndipo nilipomwomba tujaribu oda ya mikoba miwili kwa mteja huyohuyo, kwa punguzo lilelile. Mapato yanakuwa 66,000. Gharama ni 40,000 za mikoba, 1,600 za vifungashio, 1,340 za makato kwa uwiano uleule, 6,000 za bodaboda ambaye anakwenda safari moja tu, na 1,500 za mizigo iliyorudi. Faida ni 15,560, karibu mara tatu ya oda ya mkoba mmoja.

Tangu hapo, punguzo lake linatolewa kwa anayechukua miwili tu, na wateja wa mbali wanaonunua mmoja hulipa nauli kamili kabla bodaboda hajaondoka Tabata. Fungu la L1 tutalitazama tena mwisho wa mwezi huu, kwa kuwa mteja aliyekwisha kulipa nauli hana sababu kubwa ya kuukataa mzigo, na ile 1,500 inapaswa kushuka.