Nyumba Ikiungua Kabla Hujakabidhiwa Funguo, Hasara Ni ya Nani?

Nikiwa wakala wa bima, nakutana kila mara na wanunuzi wanaoamini kwamba hasara ya nyumba huwa juu yao kuanzia siku wanapopokea funguo tu. Chini ya kanuni ya zamani ya sheria ya Uingereza, iliyoenea katika nchi nyingi, hatari, yaani mzigo wa hasara mali ikiharibika, humhamia mnunuzi mara mkataba unaposainiwa, isipokuwa mkataba wenyewe au sheria ya nchi iseme vingine.

Ugumu wake ulionekana katika kesi mbili za Uingereza zilizohusu moto mmoja. Preston alimuuzia Rayner majengo kwa pauni 3,100, nayo yakaungua kabla mauzo hayajakamilika. Bima ilimlipa Preston pauni 330. Mwaka 1881 mahakama iliamua kwamba Rayner hana haki ya fedha hizo, kwa kuwa bima ilikuwa mkataba wa muuzaji na kampuni yake tu. Mwaka 1883 kampuni ya bima ikazidai kwa Preston na kurudishiwa, kwa sababu Preston alikuwa amelipwa bei yote na hakubaki na hasara. Mnunuzi alilipa bei kamili kwa mali iliyoungua.

Hatua ya kwanza, kabla ya kusaini, tafuta katika mkataba kifungu kinachotaja hatari au uharibifu wa mali, na kama hakipo, omba kiandikwe kwamba hatari inabaki kwa muuzaji hadi siku ya makabidhiano.

Hatua ya pili, muuzaji akikataa, iombe kampuni ya bima kavanoti, yaani hati ya bima ya muda, inayoanza siku na saa ileile ya kusaini. Eleza kwamba wewe ni mnunuzi na umiliki bado haujahamishwa, na useme wazi kama nyumba ina watu au ni tupu, maana bima nyingi hupunguza kinga dhidi ya wizi na maji nyumba ikikaa bila mtu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30.

Hatua ya tatu ni kiasi cha bima, na hapa ndipo nimeona machozi mengi. Kata bima kwa gharama ya kujenga upya, wala si kwa bei ya kununulia, ambayo ina thamani ya kiwanja ndani yake. Kama ujenzi ungegharimu 80 nawe umekata bima ya 60, moto ukila sehemu ya 20, bima yenye kifungu cha uwiano, kinachopunguza malipo kwa kadiri kiasi cha bima kilivyopungua, itakulipa 15, yaani robo tatu tu.

Swali hilohilo lipo kwenye ununuzi wa gari. Kwa gari lililokwisha kuchaguliwa na lililo tayari kuchukuliwa, umiliki na hatari vinaweza kuhama mnapokubaliana, hata likiwa bado uani kwa muuzaji, ingawa sheria za kumlinda mlaji katika baadhi ya nchi husubiri makabidhiano. Kwa kawaida bima ya muuzaji hailifuati gari. Andikeni siku na saa ya kuhama kwa hatari kwenye hati ya mauzo, kisha uhakikishe saa hiyohiyo imeandikwa kwenye bima yako kabla hujawasha injini.