Maswali na majibu ya dakika 40 kwenye mkutano mkuu: mpangilio wa muda na karatasi ya viporo

Mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo mara nyingi huharibikia kwenye maswali. Ratiba imeandika dakika 40, lakini anayeshika kipaza sauti wa kwanza anaanza na historia ya chama tangu siku kinasajiliwa. Tuchukue ukumbi wa wanachama 150 waliokwisha kusomewa taarifa ya fedha, na baada ya maswali watapiga kura ya gawio.

Hatua ya 1: Hesabu maswali yatakayoenea

Toa dakika 2 za kutangaza utaratibu na 3 za kusoma viporo, yaani maswali yaliyobaki bila jibu, mwishoni. Zinabaki 35. Swali dakika 1, jibu dakika 2, kipaza sauti kusafiri nusu dakika: yaani maswali 10, basi. Wape meneja na mhasibu hesabu hii siku moja kabla, maana wanaokula muda zaidi ni wajibuji kuliko waulizaji. Mhasibu aliyezoea kuanza na "kama mnavyofahamu" anahitaji kujua mapema kwamba ana dakika 2 tu.

Hatua ya 2: Gawa kazi

Mwongozaji asiwe mwenyekiti wala mjumbe yeyote wa bodi. Hao ndio wanaoulizwa, na wakimkatiza mtu itaonekana wanakwepa. Mtunza muda akae mstari wa mbele na kadi mbili: njano zikibaki sekunde 15, nyekundu muda ukiisha. Vijana wawili wabebe vipaza sauti, na sharti lao ni moja: wakishikilie wenyewe, wasikiachie. Kikishaingia mkononi mwa mwanachama mwenye hasira, kukitoa ni ugomvi. Mtu wa mwisho ni mwandishi wa viporo, asimame kwenye bango kitita mahali ambapo ukumbi mzima unamwona.

Hatua ya 3: Tangaza utaratibu

Mimi husema hivi: "Jina, kisha swali moja, dakika moja. Kadi nyekundu ikiinuka, tunamalizia. Swali la mkopo wako mwenyewe lipeleke kwa afisa mikopo, meza yake iko pale mlangoni. Swali lisilopata jibu leo linaandikwa hapa, na litapewa mtu na tarehe." Ile meza ya mlangoni iwepo kweli, tena na mtu. Vinginevyo nusu ya maswali 10 yatakuwa ya makato ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 4: Pokea swali moja moja

Najua tumezoea kukusanya matatu matatu. Siipendi njia hiyo, kwa sababu mjibuji huchagua jepesi, akalirefusha, na lile gumu likapotelea katikati. Zungusha nafasi: kushoto, kulia, nyuma kabisa. Wa mstari wa mbele hawahitaji msaada wako.

Mtu akihutubia, usimwambie akae. Sema, "Mzee wangu, nisaidie, swali lenyewe ni lipi?" Asipolitoa, litoe wewe: "Mzee anauliza kwa nini gawio limeshuka wakati akiba imepanda. Mhasibu?" Mara nyingi ataitikia kwa kichwa na kukaa, kwa kuwa amesikilizwa.

Hatua ya 5: Karatasi ya viporo

Kiporo ni swali linalohitaji nyaraka zisizokuwepo ukumbini, lililo nje ya ajenda, au lililokosa muda. Liandike kwa maneno ya muulizaji, kisha muulize, "Nimeandika sawa?" Weka safu nne: swali, namba ya mwanachama, atakayejibu, tarehe na njia ya kujibu. "Bodi" si jibu la safu ya tatu. Andika cheo cha mtu mmoja, naye akubali palepale.

Hapa ndipo nilipowahi kuchemsha. Mwanachama aliuliza deni fulani kubwa limewekwa wapi kwenye hesabu. Muda ulikuwa umebana, nikalipeleka kwenye viporo, kisha nikaita kura ya gawio. Ukumbi ulisimama wote, na walikuwa na haki: huwezi kugawa faida wakati swali linalogusa ukubwa wa faida hiyo limeahirishwa. Tangu hapo nina sheria moja: swali linaloweza kubadili kura inayofuata haliwi kiporo. Lijibiwe hata kama litakula nafasi ya maswali mawili, au kura yenyewe isogezwe.

Ukiona viporo vinazidi sita hivi, chunguza. Ama wajibuji hawakuja na makabrasha yao, ama karatasi imegeuzwa pango la kuficha maswali magumu.

Dakika 3 za mwisho, soma kila kiporo pamoja na jina la cheo na tarehe. Piga picha ya karatasi kabla haijabanduliwa, na katibu aiingize kwenye muhtasari siku hiyohiyo. Mkutano ujao, viporo ambavyo havijajibiwa vinasomwa kwenye yatokanayo, kabla ya ajenda mpya.