Mambo ya kuzingatia kabla ya kutuma wasifu wako: usomwe kwa sauti na mtu asiyekujua

Mimi ni mshereheshaji wa makongamano. Wasifu wa wazungumzaji huletwa kwangu dakika za mwisho, na huusoma kama ulivyoandikwa, maana sina haki ya kubadilisha maisha ya mtu nikiwa jukwaani. Kila neno bovu linapita kinywani mwangu na kutua kwa mwenyewe, aliyekaa safu ya mbele akisubiri kupanda. Nimewaona wengi wakiinamisha uso. Kwa hiyo fanya haya kabla hujautuma, usisubiri uyasikie kwenye spika.

Anza na mepesi. Chapisha wasifu kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa, usiusome kwenye simu. Pima muda: maneno 100 ya Kiswahili, yakisomwa kwa utulivu mbele ya watu, huchukua karibu dakika nzima. Ukiambiwa una dakika moja, usilete maneno 300. Miaka iliyounganishwa kwa kistari iandike kwa maneno, kwa sababu kistari hakisomeki. "Kuanzia 2009 hadi 2014" husomeka. Vifupisho vya taasisi vitamke mwenyewe herufi kwa herufi uone vinavyochosha. Jina lenye matamshi magumu liwekee mwongozo pembeni.

Halafu usome wewe mwenyewe kwa sauti, mara moja, ukiwa umesimama na kalamu mkononi. Usijirekebishe njiani. Pumzi ikikukatikia katikati ya sentensi, piga mstari hapo. Ukilazimika kurudi mwanzo wa sentensi, zungushia duara. Pale unapojikuta unaongeza kasi ili upite haraka, weka alama ya kuuliza, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo ulipojisifu na nafsi inajua.

Ila hatua hiyo haitoshi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mwandishi akisoma maandishi yake mwenyewe, sauti yake hujaza mapengo. Anajua apumue wapi, akazie wapi, nani alimfanya nini nani. Msikilizaji wa nyumbani naye anaijua habari yote, kwa hiyo hasikii kosa. Niliyajua haya kupitia kwa mama mmoja mhasibu aliyekuja kuzungumza juu ya utunzaji wa fedha za vikundi. Wasifu wake ulikuwa hivi:

"Ni mtaalamu wa fedha aliyebobea, mwenye uzoefu mpana na shauku ya kuleta uwazi katika taasisi mbalimbali. Alifanya kazi chini ya mhasibu mkuu wa shirika lake hadi alipoondolewa kwa upotevu wa fedha, kisha akakabidhiwa ofisi. Ameshiriki kikamilifu katika mageuzi ya mifumo ya fedha kwa kushirikiana na wadau. Ni kinara wa uadilifu anayeheshimika na wengi."

Soma sentensi ya pili tena, taratibu. Nani aliondolewa? Yeye alimaanisha mhasibu mkuu. Lakini "alipoondolewa" inamshika yeyote kati ya hao wawili, na sikio la ukumbi likamshika yule ambaye habari ilikuwa inamhusu. Nilipofika "kinara wa uadilifu" minong'ono ilishaanza. Alizungumza vizuri sana siku ile, kisha swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji likawa: zile fedha zilizopotea ulizirudisha? Yule mama aliduwaa. Baadaye aliniambia kwamba wasifu ule aliusoma kwa sauti nyumbani mara kadhaa, akamsomea na mumewe, wala hakuna aliyekwama. Wangekwamaje? Wote wawili waliishi katika habari ile. Mumewe alimjua mhasibu mkuu kwa sura na kwa jina.

Kwa hiyo sharti lenyewe ni hili: mtu asiyekujua ndiye asome, kwa sauti yake, na wewe ukae kimya usikilize. Ukimsomea wewe, utamsaidia bila kukusudia.

Mtu huyo awe nani? Asiwe ndugu, rafiki, wala mfanyakazi mwenzako. Awe anafanana na watu watakaokusikiliza. Ukienda kuzungumza na madaktari, tafuta daktari wa mahali pengine asiyekufahamu. Fundi wa umeme atakwama kwenye maneno ambayo ukumbi ule hautakwama, nawe utafuta kitu kisicho na kosa. Ukienda mbele ya watu mchanganyiko, mtu yeyote anayesoma vizuri anafaa.

Kabla hujampa karatasi, ondoa jina lako na uache nafasi wazi. Usimwambie ni wewe. Mwambie tu kuna mtu atatambulishwa kwa maneno haya na unataka kujua kama yanaeleweka. Watu wetu wana adabu. Akijua mwenye wasifu amesimama mbele yake atasema "ni nzuri tu," na hapo umepoteza muda wa watu wawili. Kama uso wako utatoa siri, mtume mtu mwingine aende nayo.

Mhasibu yule alipoalikwa tena, nilimsimamia afanye hivyo. Tulimpata kijana aliyekuwa akingoja kikao kingine kwenye jengo lilelile, hajawahi kumwona. Akasoma. Sentensi ya kwanza aliipita kwa sauti moja tambarare, bila kupanda wala kushuka. Ya pili aliisoma, akasita, akarudi nyuma. Ya tatu ikawa tambarare tena. Kwenye "kinara wa uadilifu" akatabasamu kidogo na sauti ikapungua. Hakuwa ametoa maoni yoyote bado, lakini karatasi nzima ilikwisha kupimwa: kusita ni utata, sauti tambarare ni uchovu, tabasamu au sauti iliyofifia ni majivuno. Jifunze kuzitazama hizo dalili, kwa sababu huja kabla adabu haijaingilia.

Kisha mnyang'anye karatasi, kwa upole, na umwombe akusimulie huyo mtu ni nani. Usimuulize kama amependa. Kijana alisema hivi: "Ni mhasibu. Kuna pesa zilipotea ofisini kwao. Samahani mama, aliyeondolewa ni yeye au bosi wake?" Basi, hakuongeza kitu. Maneno yote kuhusu shauku, uzoefu mpana, mageuzi na wadau yaliyeyuka ndani ya dakika moja. Chochote ambacho msomaji hakukirudisha kwenye masimulizi yake ni cha kufutwa, au ni jambo zuri lililoandikwa kwa maneno yasiyoshikika.

Majivuno hayatatajwa hata hapo, kwa hiyo yaulizie kwa mlango wa nyuma. Swali ninalolitumia ni hili: "Kama wasifu huu ungekuwa wako, sentensi gani ungeona haya kuisikia ikisomwa ukiwa umekaa hapo?" Kijana alijibu bila kufikiri: ile ya kinara. Tulipomuuliza sababu, akasema, "Nani amesema?" Hilo ndilo jiwe la kupimia. "Kinara", "mahiri", "anayeheshimika" ni hukumu, na hukumu hutolewa na wengine. Ukiwa peke yako, geuza "yeye" kuwa "mimi" na usome: "Mimi ni kinara wa uadilifu, ninaheshimika na wengi." Ukishindwa kulisema hilo mbele ya mtu mezani, liondoe.

Lakini usifute hadi ukabaki bila kitu. Watu wakishaogopa kujisifu huanza kuficha hata kazi waliyoifanya, na hilo nalo linawaumiza. Tuzo ikitajwa kwa jina lake, mwaka wake na aliyeitoa haimkeri mtu. Cheo halisi hakikeri. Kinachokera ni sifa isiyo na tendo nyuma yake, kwa hiyo badala ya sifa weka tendo. Tulimwuliza mama yule uadilifu huo ulionekana wapi. Akasema kwamba baada ya bosi wake kuondolewa alikaa na maboksi ya stakabadhi, akawa anatoa moja moja na kuilinganisha na taarifa ya benki, mpaka hesabu za miaka mitatu zikasimama upya. Kijana alikuwa bado amesimama pale, akauliza, "Sasa hiyo mbona haimo?"

Ikaingia. Wasifu ukawa hivi:

"Ni mhasibu. Shirika lake lilipogundua upotevu wa fedha, mhasibu mkuu wa wakati huo aliondolewa. Yeye, aliyekuwa karani wa hesabu, ndiye aliyepewa kazi ya kujenga upya hesabu za miaka mitatu kutoka kwenye maboksi ya stakabadhi, akilinganisha kila malipo na taarifa ya benki. Leo ndiye mhasibu mkuu wa shirika hilo, na hufundisha vikundi vya akiba kutunza vitabu vyao."

Angalia kilichotendeka kwenye utata. Sentensi moja ilipasuliwa mbili, na kila tendo likapewa mwenyewe: mhasibu mkuu wa wakati huo aliondolewa, karani akapewa kazi. Mkato pekee usingeokoa kitu, kwa kuwa mkato hausikiki msomaji akiwa na haraka. Sentensi yako ikiwa na watu wawili, wataje wote wawili kwa cheo kila wanapotenda, hata kama kwenye karatasi inaonekana kama unarudiarudia.

Rasimu mpya mpe mtu mwingine. Yule wa kwanza sasa anajua habari, amekuwa kama mumewe yule mama. Wa pili akipita salama, inatosha. Wa pili akikwama palepale alipokwama wa kwanza, acha ubishi na ubadilishe, hata kama unaipenda sentensi hiyo kuliko zote. Akikwama mahali papya, mpe wa tatu kabla hujaamua, maana pengine ni macho yake tu. Na wakianza kukupendekezea maneno, washukuru lakini usiyachukue. Msomaji anajua mahali panapouma, dawa uitafute wewe.

Ukishamaliza, hakikisha rasimu za zamani hazibaki kwa waandaaji. Nimewahi kupewa ile mbovu wakati mwenyewe alishaleta nzuri, kwa hiyo weka tarehe juu ya faili na ubebe nakala moja ya karatasi mfukoni. Fika mapema, mtafute atakayekutambulisha, na umwombe akusomee mara moja pembeni. Usimkubalie mwandaaji akuongezee "mashuhuri" mwishoni kwa nia njema. Kama umebadilisha kazi tangu mwaka jana, rekebisha. Kama kuna mtu mwingine ametajwa kwenye wasifu wako, kama yule bosi aliyeondolewa, jiulize pia kama una haki ya kumtaja, kama jambo hilo liliwekwa wazi na shirika lenyewe, na kama yeye au ndugu zake wanaweza kuwa wamekaa ukumbini.