Mjumbe akitoka nje kwa sababu ya maslahi, katibu aandike nini kwenye muhtasari wa kikao?

Tuchukue bodi ya SACCOS yenye wajumbe 7, na masharti ya chama yanataka akidi ya 5. Wote wamehudhuria. Agenda ya 4 ni kuchagua fundi wa kupaka rangi ofisi, na mmoja wa waombaji ni shemeji wa mjumbe.

Kwanza, tamko. Mwenyekiti huuliza mwanzoni mwa kikao kama kuna mwenye maslahi. Hata jibu likiwa hakuna, liandike. Akijitokeza mtu, usiandike tu "alitangaza mgongano wa maslahi", maana msomaji wa mwaka ujao hatajua ulikuwa upi. Andika hivi: "Ndg. (jina) alieleza kuwa mwombaji wa pili ni shemeji yake. Kikao kiliamua asishiriki agenda ya 4."

Pili, kutoka. Andika saa palepale anapoinuka, usisubiri kukumbuka jioni: "Alitoka saa 4:20 asubuhi kabla ya mjadala kuanza. Wajumbe 6 walibaki, akidi ilitimia." Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumwacha mtu kwenye orodha ya mahudhurio bila kutaja popote kwamba alitoka. Kwa karatasi, basi, alikuwepo na alishiriki. Akirudi, andika tena: "Alirudi saa 4:45, uamuzi ukiwa umeshafikiwa."

Tatu, kura. Waliobaki ni 6: watatu wamekubali, wawili wamekataa, mmoja hakupiga kura. Je, hoja imepita? Masharti yakisema "wingi wa kura zilizopigwa", imepita kwa 3 dhidi ya 2. Yakisema "zaidi ya nusu ya waliohudhuria", 3 kati ya 6 ni nusu kamili, haikupita. Ndiyo maana asiyepiga kura huandikwa peke yake, hajumlishwi na waliokataa. Na yule aliye nje hahesabiwi kati ya hao asilani.

Maswali ya wanachama

*Mjumbe asiyepiga kura lazima aseme sababu?*
Asipotaka kusema, andika "hakupiga kura" na uishie hapo. Sababu yake ikiwa ni maslahi, hilo ni tamko, nalo lilitakiwa mapema.

*Mwenyekiti ndiye mwenye maslahi. Tufanyeje?*
Anamwachia kiti makamu, naye anatoka kama wengine. Andika nani aliongoza agenda hiyo na saa alipokabidhi.

*Mjumbe wetu alikataa kutoka, akasema atakaa kimya.*
Fuata masharti yenu. Mengine yanamruhusu kubaki, mengine hapana. Wewe andika ukweli: alibaki, hakuchangia, hakupiga kura. Usimtoe kwa kalamu.

*Mjumbe amekumbuka undugu wake na mwombaji wiki mbili baada ya kikao. Nirekebishe muhtasari?*
Hapana, muhtasari wa siku ile ubaki ulivyo. Tamko lake liingie kwenye kikao kinachofuata, chini ya yatokanayo, na bodi iamue kama inaurudia uamuzi.