Kupunguza mwangwi wa fleti tupu bila kumeza irabu

Nilirekodi somo la Kiswahili la dakika 4 katika fleti niliyokuwa nimehamia Ntinda, Kampala, kabla samani hazijafika. Sakafu ni ya vigae, kuta hazina hata pazia. Kati ya kuta zinazotazamana ni mita 3, kwa hiyo sauti ilikwenda na kurudi kila baada ya milisekunde 17 hivi, na kila neno likaacha mkia. Nilisafisha kwa Audacity, programu ya bure.

Kwanza hifadhi nakala ya rekodi asili. Usianze na `Noise Reduction`: hiyo hujifunza kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni, kisha huiondoa. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe inayobadilika kwa kila silabi, na ukiulazimisha hivyo sauti hugeuka ya kibati.

Hatua ya pili, fungua `Filter Curve EQ`. Kata kila kilicho chini ya hezi 80, kisha shusha desibeli 3 karibu na hezi 300, panapokaa ule mlio wa kuongea ndani ya pipa. Sauti ikianza kuwa nyembamba, rudisha kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: `Noise Gate`. Kifaa hiki hushusha sauti inapokuwa chini ya kiwango ulichoweka, yaani kwenye mikia baina ya maneno. Nilipojaribu mara ya kwanza kwa `Level reduction` ya -24, neno “kitabu” likasikika “kitab”. Sababu iko katika lugha yetu: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo irabu ya mwisho hutoka hafifu, na programu huidhania mkia.

Cheza maneno kadhaa ukiangalia kipimo cha sauti. Kwangu irabu za mwisho zilishuka hadi desibeli -30, na mkia ukaendelea chini ya hapo. Nikaweka hivi:

```
Gate threshold (dB): -34
Level reduction (dB): -10
Attack (ms): 10
Hold (ms): 120
Decay (ms): 250
```

Kiwango chako kitatofautiana, lakini kiwe chini kidogo ya irabu hafifu kuliko zote. Usishushe hadi kimya kabisa, maana mngurumo wa bodaboda nje utakatika na kurudi kila neno, na sikio litakerwa zaidi kuliko na mwangwi. Ukitumia `Compressor`, iwe mwishoni na kwa uchache. Huinua mikia uliyokwisha kuishusha.

Sikiliza kwa visikizio, ukilinganisha na nakala asili kwa sauti ya kiwango kimoja. Mwangwi uliolala chini ya maneno yenyewe hautoki kwa njia hii. Sentensi mbili nilizotamka mbali na maiki zilibaki na mwangwi, nikazirekodi upya nikiwa umbali wa shubiri moja, godoro limesimamishwa nyuma yangu.