Somo: Ujumbe wa kumtaka fundi arekebishe kasoro kabla ya malipo ya mwisho

Ukishakagua nyumba na kuandika orodha ya kasoro, bado kuna ujumbe wa kuisindikiza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika malalamiko marefu, fundi anajibu maneno makali na orodha inasahaulika.

Hatua ya 1. Ondoa kila kitu ambacho hakimo kwenye makubaliano. Soketi ya ziada ni kazi mpya, iandikie peke yake. Ukiichanganya na kasoro, unampa fundi sababu ya kukataa orodha nzima.

Hatua ya 2. Kila kasoro ipe namba, mahali ilipo, unachokiona na matokeo unayotaka. Usimwelekeze namna ya kurekebisha. Ukiandika "ongeza saruji pembeni" na maji yakaendelea kutuama, atakwambia alifanya ulivyoagiza. Andika hivi: "Na. 4, sakafu ya bafu: maji yanatuama karibu na mlango. Yanatakiwa yote yaelekee kwenye tundu la kutolea maji." Siku ya ukaguzi mtamwaga ndoo ya maji na nyote wawili mtaona.

Hatua ya 3. Ujumbe wenyewe uwe mfupi:

"Fundi, habari za kazi. Asante kwa hatua tuliyofikia. Tulipokagua nyumba pamoja Jumamosi tuliona kasoro 7. Nimeziambatisha kwa namba na picha. Naomba ziwe zimerekebishwa ifikapo tarehe 20, kisha tarehe 21 saa 3 asubuhi tuzikague pamoja. Zikiwa sawa, tutasaini hati ya makabidhiano na nitakulipa malipo ya mwisho kama kifungu cha 9 cha mkataba kinavyosema. Kama kuna namba usiyokubaliana nayo, nijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, huku nyingine zikiendelea."

Sentensi hiyo ya mwisho msiiache. Bila hiyo, ubishi wa kasoro moja husimamisha zote saba.

Maswali ya wanachama

*Fundi anasema hana hela ya vifaa vya marekebisho. Nimtangulizie?*

Kurekebisha kazi yake ni gharama yake. Ukiona huna budi, nunua vifaa mwenyewe, lakini kwanza akubali kwa maandishi kwamba thamani yake itakatwa kwenye malipo ya mwisho.

*Umebaki mlango mmoja tu unaokwaruza sakafu. Naweza kuzuia hela yote?*

Soma mkataba kwanza. Kama hauruhusu waziwazi, kuzuia yote kwa ajili ya mlango kunaweza kukufanya wewe ndiye uliyevunja mkataba. Mpendekezee ubaki na kiasi cha kutosha kumlipa mtu mwingine aurekebishe, kinachobaki umpe.

*Vigae vinatoa sauti ya uwazi nikivigonga, ila havijapasuka. Niviandike?*

Viandike. Sauti hiyo huashiria kwamba chini hakujashika vizuri, na kigae kinaweza kuja kupasuka au kubanduka. Kwa kuwa picha haitoi sauti, gonga kimoja kimoja, weka alama ya chaki kwenye kila kinacholia hivyo, ndipo upige picha. Kama ni kipembe kidogo tu kinacholia, sema ni kipembe. Usiandike kigae kizima.