Jinsi ya kukadiria maji yaliyoongezwa kwenye maziwa kwa kipimo cha mafuta

Maji hayana mafuta. Ukiyamimina kwenye maziwa, gramu za mafuta zilizokuwamo hubaki zilezile, ila sasa zimegawanyika katika uzito mkubwa zaidi, hivyo asilimia yake inashuka. Hesabu yote ya hapa chini imesimama juu ya jambo hilo. Ni hesabu fupi. Kazi kubwa iko kwenye kupata kiwango cha mafuta cha maziwa kabla hayajaguswa, na kuhakikisha kwamba kilichoshusha mafuta ni maji kweli, wala si kitu kingine.

Hatua ya 1: Pata kiwango cha msingi

Kiwango cha msingi ni asilimia ya mafuta ya maziwa ya ng'ombe walewale kabla ya maji kuingia. Usichukue wastani wa kitabuni. Maziwa ya Jezi kwa kawaida yana mafuta mengi kuliko ya Friziani, na hata ng'ombe mmoja hutoa mafuta tofauti asubuhi na jioni. Muda kati ya mikamuo miwili ukiwa mrefu, maziwa huwa mengi na mafuta hupungua. Ukiwa mfupi, mafuta hupanda. Kwa hiyo mkamuo wa asubuhi ulinganishwe na wa asubuhi, na wa jioni na wa jioni.

Kama mfugaji analeta maziwa kila siku, chukua vipimo vyake vya siku za karibuni, kwa mkamuo uleule, vya siku ambazo laktomita, kifaa cha kupima msongamano wa maziwa, haikuonyesha shaka. Tafuta wastani, na andika pia kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa. Namba hizo mbili za pembeni utazihitaji katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Chukua sampuli na upime

Krimu hupanda juu maziwa yakitulia. Ukichota juu bila kukoroga utapata mafuta mengi kupita kiasi. Ukichota chini utamshuku mtu asiye na kosa. Koroga mkebe mzima kwa kikorogeo kinachofika kwenye kitako, ukikishusha na kukipandisha, kisha chota. Sampuli ikiwa imegandisha krimu kwenye ukuta wa chupa, ipashe moto hadi nyuzi 40 hivi, ichanganye taratibu kwa kuipindua, halafu ipoze hadi nyuzi 20. Usiitikise kwa nguvu, kwa sababu mafuta hushikana yakawa chembe za siagi, na chembe hizo hazigawanyiki sawasawa kwenye pipeti.

Kwa njia ya Gerber, tia kwenye butirometa, yaani chupa yenye shingo ya namba za kusomea mafuta, mililita 10 za asidi ya salfuriki, kisha maziwa kwa pipeti ya njia hiyo (mililita 10.75 kwa pipeti nyingi), yakiteremka polepole kwenye ukuta wa ndani ili yakae juu ya asidi bila kuungua. Ongeza mililita 1 ya alkoholi ya amili, ziba kwa kizibo, tikisa hadi mabonge yote yayeyuke, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 4 hadi 5. Iweke butirometa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika chache kabla ya kusoma. Vaa miwani na glovu, na uishike kwa kitambaa unapotikisa, maana mchanganyiko huo hupata moto mkali.

Sukuma kizibo hadi mpaka wa chini wa mafuta ukae juu ya mstari wa namba kamili, kisha soma upande wa juu pale uso wa mafuta ulipobonyea zaidi. Safu nzuri ni ya manjano iliyo wazi. Ukiona weusi chini ya mafuta, mara nyingi asidi ilikuwa kali mno au maziwa yalimwagwa kwa kasi. Ukiona vipande vyeupe, asidi ni dhaifu au hukutikisa vya kutosha. Kipimo cha namna hiyo kitupe, usikisahihishe kwa macho. Pima kila sampuli mara mbili, na vipimo vikipishana kwa zaidi ya 0.1, rudia.

Hatua ya 3: Fanya hesabu

```
Maji (%) = (M0 - M1) / M0 x 100
```

M0 ni kiwango cha msingi, M1 ni ulichosoma leo. Tuseme msingi ni 4.0 na leo umesoma 3.4. Tofauti ni 0.6, ukigawa kwa 4.0 unapata 0.15, yaani maji ni asilimia 15.

Hapa watu wengi hukosea. Asilimia 15 hiyo ni sehemu ya mchanganyiko uliopo mbele yako. Katika mkebe wa lita 40, lita 6 hivi ni maji na 34 ni maziwa. Ukitaka kujua maji yaliyoongezwa kwa kila lita 100 za maziwa halisi, gawa tofauti hiyo kwa M1 badala ya M0: 0.6 kwa 3.4, takriban asilimia 17.6. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini yanajibu maswali tofauti, kwa hiyo kila ripoti iseme ni asilimia ya nini.

Kwa usahihi kamili hii ni asilimia ya uzito. Kwa kuwa lita ya maziwa ni nzito kuliko lita ya maji kwa takriban asilimia 3 tu, ukisoma jibu kama lita utakosea kwa chini ya nusu asilimia katika mfano huu, kiasi kidogo kuliko makosa ya kipimo chenyewe.

Hatua ya 4: Rudia hesabu kwa msingi wa chini na wa juu

Usitoe namba moja. Tuseme mafuta ya mfugaji huyo, bila maji, hucheza kati ya 3.8 na 4.2. Ukiweka 3.8 kwenye kanuni unapata maji asilimia 10.5; ukiweka 4.2 unapata 19. Jibu la kweli la 3.4 ni kwamba maji, kama ndiyo chanzo, yako kati ya asilimia 10 na 19 hivi. Upana huo unashangaza mara ya kwanza, lakini ndio uwezo halisi wa kipimo cha mafuta kikiwa peke yake.

Kwa sababu hiyohiyo, mshuko wa 0.1 au 0.2 hauthibitishi kitu. Kwa msingi wa 4.0, kila 0.1 ni sawa na asilimia 2.5 ya maji, na 0.1 inaweza kutokana na macho ya msomaji au na lishe ya wiki hiyo. Lita moja ya maji ya kusuuzia iliyosahaulika kwenye mkebe wa lita 40 haitaonekana kwa njia hii.

Hatua ya 5: Hakikisha ni maji, si kuenguliwa krimu

Mtu akiengua krimu, mafuta hushuka vilevile, na kanuni ya hatua ya 3 itakuambia kuna maji ambayo hayapo. Laktomita ndiyo inayotenganisha mambo haya mawili. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kuyaondoa hufanya maziwa yawe mazito kidogo na laktomita hupanda. Kuongeza maji huishusha.

Pima maziwa yakiwa karibu na halijoto iliyoandikwa kwenye laktomita. Kwa laktomita ya nyuzi 20, ongeza 0.2 kwenye kipimo kwa kila nyuzi iliyozidi, na toa 0.2 kwa kila nyuzi iliyopungua. Usipime maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi: yana viputo vya hewa, na mafuta yake bado hayajakaza, hivyo laktomita husoma chini na kuonyesha kana kwamba yana maji. Yape saa 2 au 3 yapoe.

Sasa kadiria yabisi zisizo mafuta, yaani protini, sukari ya maziwa na madini kwa pamoja:

```
Y = L/4 + 0.2 x M + 0.14
```

Y ni asilimia ya yabisi hizo, M ni asilimia ya mafuta uliyosoma, na L ni kipimo cha laktomita kilichosahihishwa, kwa mfano 30 kwa maziwa yenye msongamano wa 1.030. Ile 0.14 hutofautiana kidogo kati ya kanuni moja na nyingine. La lazima ni kutumia laktomita na kanuni ileile kwa sampuli zote mbili.

Tuendelee na mfano wetu. Msingi una mafuta 4.0 na laktomita 30, kwa hiyo Y ni 7.5 + 0.8 + 0.14 = 8.44. Sampuli ya leo ina mafuta 3.4 na laktomita 25.5, kwa hiyo Y ni 6.38 + 0.68 + 0.14 = 7.20. Yabisi zimeshuka kwa 1.24 kati ya 8.44, sawa na asilimia 14.7. Mafuta yalisema 15. Njia mbili zimekubaliana, basi ni maji.

Kama laktomita ingesoma 30.5 kwa mafuta yaleyale ya 3.4, Y ingekuwa 8.45. Yabisi hazikuguswa, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni kuengua.

Kesi ngumu ni mafuta 3.0 na laktomita 27.4. Mafuta yanadai maji asilimia 25. Y ni 6.85 + 0.6 + 0.14 = 7.59, na mshuko wa 0.85 kati ya 8.44 ni asilimia 10 tu. Hapo fuata yabisi: maji ni takriban asilimia 10. Maji hayo yangeacha mafuta 3.6, lakini umepata 3.0, hizo 0.6 zilizobaki bila maelezo zinaelekea ziliondolewa kama krimu.

Jihadhari na jambo moja. Anayetia maji anaweza pia kutia sukari au chumvi ili laktomita ipande. Maziwa hayo yatafanana na yaliyoenguliwa: mafuta chini, laktomita ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba yameenguliwa, pima sukari na chumvi. Kipimo cha mafuta hakidanganywi na vitu hivyo, na hiyo ndiyo sababu nakiheshimu licha ya upana wa jibu lake.

Hatua ya 6: Kabla ya kumkatalia mtu maziwa yake

Nenda zizini kwenye mkamuo wa saa ileile, mapema iwezekanavyo. Ng'ombe wote wakamuliwe mbele yako, ndoo zikiwa kavu, hadi matone ya mwisho, kwa sababu maziwa ya mwisho ya chuchu ndiyo yenye mafuta mengi zaidi na kuyaacha kunashusha wastani. Changanya yote, chukua sampuli, na urudie hatua ya 2 hadi ya 5 ukitumia namba hizi kama msingi. Zikitoka chini kama zile za mkebe, maji hayakuwapo. Angalia lishe yenye nyasi chache na nafaka nyingi, au ugonjwa wa kiwele.

Mgogoro ukibaki, peleka sampuli ikapimwe kwa kriyoskopu, kifaa kinachoonyesha maziwa huganda kwa nyuzi ngapi. Maziwa ya ng'ombe huganda karibu na nyuzi -0.52, na kiwango hicho hubadilika kidogo sana kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Maji hukisogeza kuelekea sifuri. Kuengua krimu hakukigusi.